Hifadhidata Inapokukataa kwa Sababu ya Saa

Katika ofisi nyingi siku hizi, mfanyakazi huandika nywila mara moja tu asubuhi anapofungua kompyuta yake. Baada ya hapo barua pepe inafunguka, mafaili ya pamoja yanapatikana, na mfumo wa mishahara unamtambua bila kumuuliza chochote. Kinachofanya kazi hiyo nyuma ya pazia ni utaratibu unaoitwa Kerberos. Ulizaliwa katika chuo cha MIT, Marekani, ndani ya mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983, ukapewa jina la mbwa mwenye vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki. Tangu Microsoft walipouingiza katika Windows 2000, umekuwa msingi wa kuingia katika mitandao ya maofisi kote duniani.

Utaratibu huu una namna moja ya kuharibika ambayo huwachosha mafundi kuliko nyingine, kwa sababu kila kitu wanachokikagua wanakikuta kizima. Nywila ni sahihi, akaunti haijafungwa, mtandao unapita, hifadhidata iko hewani. Lakini mtu akijaribu kuingia anakataliwa. Kosa liko mahali ambapo wengi hawafikirii kutazama, yaani katika saa ya seva.

Tuchukue ofisi ya mfano mjini Dodoma. Ina seva ya domeni inayoitwa dc01, ambayo ndiyo inayowajua wafanyakazi wote na nywila zao. Ina seva ya pili, db01, inayotumia Linux na kubeba hifadhidata ya PostgreSQL yenye mishahara na malipo. Wafanyakazi wanaingia katika hifadhidata hiyo kwa Kerberos. Siku moja, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mhasibu anampigia fundi simu: “Kaka, kompyuta yangu imefunguka vizuri, barua pepe naziona, ila mfumo wa mishahara umenikataa. Na jana jioni nilikuwa humo humo.” Kabla fundi hajaweka simu chini, watu wengine wawili wa idara hiyo wamekwishafika mlangoni kwake na malalamiko yaleyale.

Fundi anafungua kumbukumbu za matukio kwenye dc01. Anaona tukio namba 4769, ambalo huandikwa kila mtu anapoomba tiketi ya huduma, na linaonyesha kwamba mhasibu ameomba tiketi ya hifadhidata na amepewa. Kwa upande wa domeni, basi, hakuna tatizo. Anajaribu kuingia kwenye hifadhidata akiwa ndani ya db01 kwenyewe, kwa akaunti ya msimamizi isiyotumia Kerberos, na anaingia bila shida. Hifadhidata pia ni nzima. Sehemu mbili nzima, na katikati yake mlango uliofungwa. Ni katika kumbukumbu za PostgreSQL tu anapokuta maneno yenye maana:

```
accepting GSS security context failed
... Clock skew too great
```

Ujumbe huo unasema kwamba tofauti ya saa imezidi kiasi. Mhasibu haonyeshwi maneno hayo. Yeye huambiwa tu kwamba uthibitisho wa GSSAPI umeshindikana kwa jina lake, GSSAPI ikiwa ni njia ambayo PostgreSQL huipitia kuzungumza na Kerberos. Ndiyo maana fundi anayeishia kusoma kilichoandikwa kwenye kioo cha mtumiaji anaweza kuhangaika siku nzima akibadilisha nywila ambazo hazina kosa.

Ili kuelewa saa inaingiaje katika suala la kumtambua mtu, inabidi tufuate safari ya tiketi hatua kwa hatua.

Mhasibu anapofungua kompyuta asubuhi, dc01 inamthibitisha na kumpa tiketi ya awali. Kwa kawaida ya domeni za Windows, tiketi hiyo huishi saa kumi. Akitaka kuingia kwenye hifadhidata, kompyuta yake inairudia dc01 na kuomba tiketi nyingine, mahususi kwa huduma ya PostgreSQL iliyo db01. Tiketi hiyo imesimbwa kwa ufunguo ambao dc01 na db01 pekee wanaujua, kwa hiyo mhasibu anaibeba bila kuweza kuisoma wala kuichezea. Ndani yake mna jina lake, muda wa tiketi kuanza na kuisha, na ufunguo wa muda ambao mhasibu naye amepewa nakala yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba db01 haiwasiliani na dc01 wakati mhasibu anaingia. Haiipigii simu kuuliza kama tiketi ni ya kweli. Inaifungua kwa ufunguo wake yenyewe na kuamua papo hapo. Huo ndio uzuri wa Kerberos, kwa sababu seva ya domeni haizidiwi na maswali ya kila huduma kila dakika. Lakini uzuri huo una gharama. Seva inayoamua peke yake inahitaji namna ya kujua kama tiketi iliyo mbele yake imeletwa na mwenyewe sasa hivi, au ni nakala iliyodakwa njiani jana na mtu anayesikiliza mtandao.

Kwa sababu hiyo tiketi haiendi peke yake. Inafuatana na kipande kingine cha ujumbe ambacho kompyuta ya mhasibu hukitengeneza upya kila anapoingia. Kipande hicho kimesimbwa kwa ule ufunguo wa muda, na kiini chake ni wakati: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde kilipoandikwa. Seva ya hifadhidata inakifungua, inalinganisha wakati huo na saa yake, na ikiona tofauti haizidi dakika tano, yaani sekunde 300, inaendelea. Zaidi ya hapo inakataa. Ndani ya dakika hizo tano huwa inakumbuka vipande ilivyokwisha kuvipokea, ili mwizi akileta kilekile mara ya pili ajulikane. Ukiacha kumbukumbu hiyo, mlinzi pekee wa mlango ni saa.

Wazo hili halikuja kwa bahati. Roger Needham na Michael Schroeder walichapisha mwaka 1978 utaratibu ambao Kerberos imejengwa juu yake, lakini utaratibu wao haukuwa na wakati ndani yake. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha kwamba mtu aliyeiba ufunguo wa zamani angeweza kuutumia tena bila kugundulika, wakapendekeza kila ujumbe ubebe wakati ulipoandikwa. Watu wa MIT wakalichukua pendekezo hilo. Mwaka 1990 Steven Bellovin na Michael Merritt waliandika kuhusu mipaka ya Kerberos, na mojawapo ya mambo waliyoyataja ni hili la kutegemea saa: usalama wote unakuwa na nguvu sawa na saa zinazousimamia. Naona walikuwa sahihi, na ofisi yetu ya Dodoma ni ushahidi.

Turudi basi kwa fundi wetu. Amesoma kwamba saa zimetofautiana, kwa hiyo anafanya ambacho mtu yeyote angefanya. Anaitazama saa ya db01, kisha anaitazama ya mkononi. Seva inasema 10:12. Saa yake ya mkononi inasema saa nne na dakika kumi na mbili. Zinalingana kabisa, hata sekunde hazijaachana. Hapo wengi huamua kwamba ujumbe ule umekosea, wakaendelea kutafuta kwingine. Na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu Kerberos haiangalii saa kama tunavyoiona ukutani. Inahesabu kwa wakati wa dunia, UTC, ambao kwetu Afrika Mashariki uko nyuma kwa saa tatu mwaka mzima. Saa za eneo hazimo kabisa katika hesabu yake. Seva moja inaweza kuonyesha wakati wa Nairobi na nyingine wa London, na kama zote mbili zinakubaliana kuhusu UTC, watu wataingia bila tatizo.

Amri ya kuuliza ni fupi, na inafaa kuandikwa kwenye seva na kwenye kompyuta ya Linux unayoiamini kwa wakati mmoja:

```
date -u
```

Kompyuta ya fundi inajibu 07:12. Seva ya db01 inajibu 10:12. Kumbe saa ya seva imekimbia saa tatu kamili, sekunde 10,800, wakati mpaka ni sekunde 300. Kipande cha mhasibu kiliandikwa saa 07:12 za UTC. Kwa macho ya db01 hicho ni kitu cha saa tatu zilizopita, na seva ilifanya kazi yake sawasawa ilipokikataa.

Tofauti ya saa tatu kamili haitokani na kifaa kuchakaa. Ukiiona katika nchi zetu, ujue mkono wa mtu umepita hapo. Katika kisa hiki, jana yake mtu wa idara alilalamika kwamba risiti zinatoka na saa za alfajiri wakati kazi inafanyika mchana. Seva ilikuwa imesimikwa ikionyesha UTC, jambo la kawaida kabisa. Fundi wa zamu akaiona inasema 07:00 wakati saa yake inasema 10:00, akaona ni kosa, akaisogeza mbele kwa amri ya `date -s`. Risiti zikapendeza. Lakini alichokibadilisha ni wakati wenyewe, wakati kilichohitaji kubadilishwa ni namna ya kuuonyesha. Neno UTC lilibaki palepale pembeni ya saa, na hilo ndilo lililokuwa dalili pekee: seva iliyo Dodoma, inayosema UTC, haiwezi kulingana na saa ya mkononi ya mtu wa Dodoma.

Kwa malalamiko ya risiti dawa ilikuwa nyingine. PostgreSQL hutunza wakati kwa UTC katika safu za aina ya `timestamptz`, na huonyesha kwa saa za eneo zilizoandikwa katika usanidi wake. Usanidi huo huandikwa hifadhidata inapoundwa, kwa hiyo hata kubadilisha eneo la mfumo wa Linux hakutoshi. Mistari miwili ingemaliza kazi bila kugusa saa:

```
ALTER SYSTEM SET timezone = 'Africa/Dar_es_Salaam';
SELECT pg_reload_conf();
```

Lipo jambo jingine linaloweza kumpoteza fundi makini. Atataka kuthibitisha kwamba Kerberos inafanya kazi pale db01, ataandika `kinit`, amri ya kuomba tiketi ya awali, na itakubali. Inakubali kwa sababu programu ya MIT, kwa upande wa anayeomba, ina uungwana wa kulinganisha saa yake na ya seva ya domeni na kujirekebishia tofauti yenyewe. Mpangilio huo unaitwa `kdc_timesync`, na kwa kawaida umewashwa. Windows nayo, ikiambiwa na seva ya domeni kwamba saa zimeachana, huweza kujaribu tena kwa wakati uliosahihishwa. Lakini upande wa huduma, pale hifadhidata inapopokea tiketi, hakuna uungwana huo. Inatumia saa yake tu. Ndiyo maana kompyuta ya mtumiaji yenye saa mbovu mara nyingi husamehewa, na seva yenye saa mbovu haisamehewi. Ni ajabu kidogo, ila ukiikumbuka utajua kwamba `kinit` iliyofaulu haijakwambia lolote kuhusu saa.

Fundi akishajua kosa, hukutana na kishawishi. Katika faili la `krb5.conf` kuna thamani inayoitwa `clockskew`, na hiyo ndiyo ile 300. Akiandika 11000, watu wote wataingia dakika hiyohiyo. Asifanye hivyo. Kuipanua maana yake ni kwamba kipande kilichodakwa kwenye mtandao kitaendelea kuwa na uhai kwa saa tatu badala ya dakika tano, na saa yenyewe itabaki mbovu kama ilivyokuwa.

Kinachotakiwa ni kuirudisha saa na kuhakikisha haitoroki tena. Kwenye db01 huduma ya chrony ilikuwepo tangu mwanzo, ila ilielekezwa kwenye seva za saa za intaneti, na faiawoli ya ofisi haipitishi poti 123 kwenda nje. Kwa hiyo ilikuwa inauliza bila kujibiwa. Fundi anaielekeza kwa dc01 kwenye faili la usanidi, anaianzisha upya, na kisha anailazimisha irekebishe kwa mkupuo:

```
server dc01.mfano.lan iburst
```

```
chronyc makestep
```

Amri hiyo ya pili ina sababu yake. Chrony ikiachwa irekebishe saa pole pole, haiirushi. Inaipunguza mwendo hadi wakati halisi uifikie. Kasi yake ya juu kabisa kwa mipangilio ya kawaida ni sekunde moja kwa kila sekunde kumi na mbili. Kwa sekunde 10,800 hiyo ni siku moja na nusu, na muda wote huo, hadi tofauti ishuke kufikia dakika tano, mhasibu angeendelea kukataliwa.

Lakini kuirudisha saa nyuma ghafla kwenye seva ya hifadhidata si jambo la kufanya wafanyakazi wakiwa kazini. PostgreSQL yenyewe haitaharibika, kwa kuwa mpangilio wa miamala yake haufuati saa. Unafuata namba zake za ndani. Kinachochafuka ni maana ya kumbukumbu. Malipo yote yaliyoingizwa tangu saa ilipokimbizwa yana wakati wa saa tatu mbele, na kwa saa tatu baada ya marekebisho, malipo mapya yatapata wakati ulio nyuma ya yale ya kabla yake. Ripoti inayopanga kwa wakati itayachanganya. Na ikitokea siku ya kurejesha hifadhidata hadi dakika fulani kutoka kwenye nakala za akiba, dakika hiyo itakuwa imepita mara mbili. Kwa hiyo mfumo wa mishahara usimamishwe kwanza, saa irekebishwe, mfumo uwashwe, na iandikwe mahali pa kudumu kwamba kuanzia muda fulani hadi muda fulani saa ya seva ilikuwa mbele kwa saa tatu. Mkaguzi wa hesabu atakayekuja mwakani ataihitaji karatasi hiyo.

Kisa cha saa tatu ni cha ghafla. Kuna kingine cha kimya, ambacho hakina mkosaji. Saa ya kompyuta huongozwa na kijiwe cha kwatzi, na kijiwe kinachopotea sehemu 20 kwa milioni, kiasi ambacho si cha ajabu, hupotoka karibu sekunde 1.7 kwa siku. Kama hakuna kinachoirekebisha, itafikisha sekunde 300 baada ya siku 173 hivi. Seva inasimikwa Januari, inafanya kazi bila tatizo, na mwishoni mwa Juni inaanza kukataa watu ingawa hakuna aliyeigusa. Wala haianzi kwa kuwakataa wote. Saa za kompyuta za wafanyakazi zinapishana sekunde chache, kwa hiyo siku za mwanzo mmoja anaingia na jirani yake anakataliwa, na asubuhi inayofuata wanakuwa wengi zaidi. Mafundi huanza kutafuta tofauti kati ya akaunti za watu hao wawili na hawaioni. Ukisikia malalamiko yanayoongezeka hivyo, na seva haina uhusiano na chanzo chochote cha saa, umekwisha kupata jibu.

Mashine pepe nazo zina yao. Ikisimamishwa usiku na kuamshwa asubuhi, inaweza kuamka ikiamini bado ni usiku. Hapo saa imechelewa, na ujumbe unaweza kubadilika: mtu aliyepewa tiketi dakika hii huambiwa kwamba tiketi yake bado haijaanza kutumika, `Ticket not yet valid`, maana kwa seva iliyochelewa tiketi hiyo imetoka siku zijazo. Maneno ni mengine, ugonjwa ni uleule.

Nimesema fundi wa Dodoma aliielekeza db01 kwa dc01, na huenda msomaji akajiuliza kwa nini asifungue faiawoli apate saa sahihi zaidi ya intaneti. Jibu ni kwamba Kerberos haijali ukweli wa saa, inajali makubaliano. Katika domeni ya Windows kompyuta zote hupokea wakati kwa ngazi, na juu kabisa yupo mmoja, seva ya domeni yenye jukumu liitwalo PDC emulator. Yeye akipotea dakika kumi, wote wanapotea pamoja naye na wanaendelea kuingia kwenye huduma zao bila kugundua. Hifadhidata iliyochukua saa sahihi kutoka nje ndiyo itakayokataa watu, ingawa katika jengo zima ndiyo pekee yenye wakati wa kweli. Chanzo cha nje kinapaswa kuunganishwa kwa huyo wa juu, na wengine wote, Linux wakiwemo, wachukue kwake.

Kama unasimamia hifadhidata ya namna hii, ingia leo kwenye kila seva uandike `chronyc tracking`. Mstari wa kwanza ukitaja chanzo unachokijua na tofauti ikiwa sehemu ndogo ya sekunde, uko salama. Ukikuta mstari wa mwisho unasema `Not synchronised`, itengeneze kabla ya siku ya mishahara.